Boda moja, mkopo wa SACCOS: niweke bima ndogo au bima kubwa?

*Swali: "Habari kaka. Mimi ni mwalimu, niko Morogoro. Nimenunua Boxer 150 mpya kwa milioni 3 na laki 2, sehemu kubwa ni mkopo wa SACCOS wa miezi 18. Nimempa kijana anapiga boda pale Msamvu, mkataba wa kuniletea elfu kumi kwa siku alafu baadae inakuwa yake. Agenti kaniambia bima ndogo ni 59,000 na kubwa ni asilimia 6 ya thamani, ukijumlisha VAT inakuja 226,560. Mume wangu anasema kubwa ni kupoteza hela, boda ni boda. Mimi naogopa kijana asije akapotea nayo. Nichukue ipi?"*

Dada yangu, nianze na hilo la mwisho maana ndo linaloamua mambo yote. Hofu yako ni kijana kupotea na pikipiki, na hiyo hofu ni ya haki kabisa, mabosi wengi wa boda wanalizwa hapo hapo, ila bima kubwa kama inavyouzwa kawaida hailipi hilo. Ukimkabidhi mtu chombo kwa hiari yako, ukampa funguo, mkaandikishana, alafu akaenda nacho Ifakara asirudi, kwa macho ya kampuni ya bima huyo hajakuibia kwa maana ya wizi waliokuuzia. Hiyo wanaihesabu ni kuvunja uaminifu kwa mtu uliyempa mwenyewe mali, na mikataba mingi ya bima ina kifungu kinachoitoa wazi wazi, watu hawakisomi mpaka siku wamekaa mbele ya afisa wa kleimu na RB mkononi.

Kwa hiyo kama sababu pekee ya kutaka bima kubwa ni hiyo, mume wako yuko sahihi, utakuwa umelipa 226,560 kwa kitu ambacho hakipo ndani ya mkataba. Ila sababu nyingine zipo, na kwa hali yako ya mkopo zina uzito, tuzipitie taratibu.

Bima ndogo kwanza, yaani thadi pati. Hii sio ya kuchagua, ni lazima kisheria, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto Sura ya 169, na ndo ile trafiki anaiangalia. Watu wanaichukulia kama kodi tu ya kupita barabarani, wakati kwa mtu kama wewe mwenye mshahara na kiwanja ni ulinzi mkubwa kuliko wanavyofikiri. Chukua mfano. Kijana wako anatoka Msamvu kwenda Kihonda na abiria, anakwepa daladala iliyosimama ghafla, anamgonga mama anayevuka, mama anavunjika nyonga, abiria nae anaanguka anavunjika mkono. Wale wawili hawatamfungulia madai kijana peke yake, kijana hana kitu na wanalijua hilo. Watamuunganisha mwenye jina kwenye kadi, yaani wewe, na mahakama ikiona alikuwa anaendesha kwa faida yako unawajibika pamoja nae. Bima ndogo inasimama hapo, inabeba deni lako kwa mama na kwa abiria.

Kwa upande wa mali za wengine, mfano kioo cha gari au genge la mtu, bima ndogo nyingi zinalipa pia ila kuna kikomo cha kiasi, muulize agenti kikomo ni shilingi ngapi akuonyeshe kwenye karatasi, asikujibu kwa mdomo.

Sasa nani hayumo kwenye bima ndogo? Pikipiki yako haimo, hata kama imekuwa skrepa. Na kijana wako hayumo, yeye ndo aliyekuwa anaendesha, sio mtu wa tatu. Akivunjika mguu yeye, hiyo thadi pati haimjui. Hili huwa linawashangaza sana madereva wenyewe, anakuja ofisini anachechemea na PF3 yake anasema mbona abiria wangu kalipwa mimi sijalipwa. Bima kubwa nayo mara nyingi haimlindi dereva, au inampa kiasi kidogo sana kama nyongeza. Kama unamjali kijana (na unatakiwa umjali, akilala kitandani miezi mitatu hesabu yako nayo imelala) mkatieni bima ya ajali binafsi, ni kitu kinachouzwa peke yake, na mnaweza kuchangia.

Pia usitegemee bima ndogo italeta hela ya hospitali usiku ule ule wa ajali. Inalipa baada ya nyaraka kukamilika, ripoti ya trafiki, PF3, risiti za matibabu, mara nyingi mpaka kesi ya trafiki iamuliwe nani mwenye kosa. Kwa hiyo tenga kaakiba pembeni ka kununua muda.

Bima kubwa ni hiyo ndogo yote, ukaongeza pikipiki yako mwenyewe: ikiharibika kwa ajali, ikiungua, ikiibiwa. Kwenye gari la mtu binafsi hoja ya bima kubwa ni nyepesi. Kwenye boda inakuwa ngumu kwa sababu ya kitu kinachoitwa eksesi, yaani kile kipande cha hasara unachobeba wewe kabla kampuni haijatoa hata mia. Hukuniandikia eksesi ya hiyo nukuu yako, na nina uhakika agenti hakukutajia. Niweke mfano wa masharti ambayo sio ya ajabu kwa pikipiki za biashara: kwa ajali eksesi ni asilimia 10 ya hasara lakini isipungue 150,000, kwa wizi ni asilimia 20. Ya kwako inaweza kuwa tofauti, weka namba zako ufanye hesabu hii hii.

Boda ikianguka kwa kawaida inaharibika nini? Foki inapinda, taa ya mbele inapasuka, tenki linabonyea, sai mira zinaenda, usukani unakaa upande. Fundi wa mtaani akikwambia laki moja na elfu kumi na vipuri, hujafika hata kwenye eksesi, hulipwi kitu. Ikiwa ajali kubwa kidogo ya 280,000, eksesi inakula 150,000 unapata 130,000, na hapo umeshaandika fomu, umesubiri mkaguzi aje aione, pikipiki imekaa siku kadhaa bila hesabu, na hela ya hesabu iliyopotea bima hailipi. Siku 13 tu za kusubiri kwa elfu kumi ndo hiyo 130,000 yenyewe. Ndo maana mimi huwa nawaambia watu kwa boda msinunue bima kubwa kwa ajili ya kuanguka anguka, hiyo ni kazi ya akiba. Bima kubwa ya boda, ukiichuja, ni bima ya vitu viwili: pikipiki kuporwa na pikipiki kufa kabisa.

Twende kwenye kuporwa sasa, maana hapa ndo inaweza kukufaa.

Tuseme mwezi wa kumi kijana anapata abiria saa nne usiku, anampeleka pembeni ya mji, wakifika kuna wenzake wanasubiri, wanampiga, wanaondoka na Boxer. Huo ni wizi wa nguvu, uko ndani. Kampuni haitakulipa milioni 3.2 uliyonunulia. Inalipa thamani ya soko siku ya tukio, na boda iliyopigishwa kazi miezi kumi mfululizo haiuziki bei ya dukani, tuseme inathaminiwa milioni 2.6. Toa eksesi ya asilimia 20, yaani 520,000, unapokea 2,080,000. Hiyo namba ndo unayoinunua. Sio 3.2.

Unailipia shilingi ngapi? Sio 226,560, maana 59,000 ungeitoa kwa vyovyote. Tofauti ni 167,560, kama siku 17 za hesabu ya kijana. Gawanya 167,560 kwa 2,080,000 unapata kama asilimia 8, yaani ni kama kampuni inakwambia: kati ya boda 12 zinazofanana na yako, sehemu kama yako, moja itapotea kwa mwaka. Sasa kaa na madereva wa kijiwe cha Msamvu uwaulize, hapa mwaka huu zimeporwa ngapi, na mko wangapi? Kama kijiwe kina boda 40 na imeporwa moja, bei ni kubwa kuliko hatari, kwa mtu mwenye boda 10 ningemwambia achana nayo, kila mwaka weka hizo tofauti kwenye akaunti yako mwenyewe, ukiporwa moja ujilipe.

Lakini wewe huna boda kumi. Una moja, na ina deni. Mwezi wa kumi SACCOS bado unadaiwa miezi nane, na makato yanaendelea kwenye mshahara iwe pikipiki ipo au haipo. Kwa mtu wa namna yako swali sio kama bei ina faida kwa hesabu ya wastani (bima kwa wastani haina faida kwa mteja popote, kampuni ina gharama zake na inataka kula), swali ni je, ikipotea leo unaweza kulipa deni bila kuigusa ada ya mtoto? Kama jibu ni hapana, basi mwaka wa kwanza bima kubwa ina mantiki, mradi masharti yakae sawa.

Na masharti ndo yanayowaumiza watu, hebu tukae hapa.

La kwanza ni matumizi. Kwenye karatasi ya bima kuna sehemu imeandikwa matumizi ya chombo. Yako lazima isomeke biashara, kubeba abiria. Kuna maagenti ili kukurahisishia bei au kwa uvivu tu wanaandika binafsi. Stika inatoka safi, trafiki hakusumbui, mwaka unaisha hujui kitu. Siku ya ajali abiria anasema mbele ya polisi alilipa buku mbili kutoka Msamvu, imeandikwa kwenye maelezo yake, kwisha habari. Na hapo sio bima kubwa tu inayoyumba, hata ile ndogo, maana kampuni inaweza kulazimika kumlipa aliyeumia kisha ikakugeukia wewe uirudishie hela yake. Kama kijana anabeba na mizigo, vifurushi vya maduka, sema pia, iandikwe.

La pili ni dereva. Mkataba unadai anayeendesha awe na leseni hai yenye daraja la pikipiki. Kijana wako anaweza kuwa nayo, sawa, piga picha uitunze. Ila unamjua deiwaka wake? Kila boda ina deiwaka. Kijana ameamka anaumwa, au ameenda msibani, hataki hesabu ilale, anampa rafiki yake wa kijiweni ambaye leseni yake iliisha muda mwaka jana au hajawahi kuwa nayo. Ajali nyingi za aina hii kwenye kleimu zinafia hapo, dereva aliyeandikwa kwenye ripoti ya trafiki sio yule bosi anayemfahamu na leseni haionekani. Kwenye makubaliano yako na kijana andika kabisa kwamba hakuna mtu mwingine anayegusa usukani bila wewe kuona leseni yake. Hata akikwambia ni wa kuaminika kiasi gani.

La tatu, mishikaki. Akibeba watu wawili au watatu amezidisha abiria, kampuni inaweza kupinga kleimu au kulipa kwa kubana, na wale abiria wa ziada nani atawalipa ni vita nyingine. Pombe nayo hivyo hivyo.

La nne ni kumalizana. Hili ni la kwetu sana. Ajali imetokea, watu wamejaa, kijana anaogopa kupelekwa kituoni, anakubali makosa, anatoa elfu hamsini, wanaandikishana kwenye karatasi ya daftari kwamba atagharamia matibabu yote. Mkataba wa bima unakukataza kukubali kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua. Baadae yule mgonjwa hali ikibadilika, gharama zikifika milioni mbili, kampuni inaambiwa leo na imeshafungwa mikono na ile karatasi. Mfundishe kijana: majeruhi awahi hospitali, trafiki aitwe apime ajali, wewe upigiwe simu, na wewe uipigie kampuni siku hiyo hiyo alafu ufuatishe maandishi. Kumpa mgonjwa nauli na maji ya kunywa ni utu, hakuna anayekukataza, ila usiandike chochote.

Sasa turudi kwenye wizi, maana siku ya kleimu ya wizi afisa atakuomba vitu ambavyo usipojiandaa leo huna cha kumpa. Atataka RB na baadae ripoti ya polisi kwamba wameitafuta haijapatikana, kadi ya pikipiki ya asili, maelezo ya dereva yaliyoandikwa, na funguo. Funguo zote mbili. Boxer mpya inatoka dukani na funguo mbili, moja ni ya kijana, nyingine anayo nani? Ukiniambia zote amepewa kijana, chukua moja leo uifungie kabatini. Kleimu ambayo funguo ya pili haipo inaanza kunuka hapo hapo, wanajiuliza mliiuza? Na kama kijana aliiacha imezimwa nje ya baa na funguo imening'inia, akatoka haipo, hiyo wataiita uzembe, jiandae kwa mabishano.

Halafu kadi. Imeshahamishwa iko kwa jina lako, au bado ni jina la duka? Jina la kadi na jina la bima lazima yafanane. Wengine mnapeana boda ya mkataba mnaandika bima kwa jina la dereva wakati kadi ni ya bosi, au kinyume, ikifika kleimu kila mmoja anaambiwa hana maslahi kamili. Kwa sasa mali ni yako, bima iwe jina lako. Siku mkataba ukiisha na kadi ikahamia kwa kijana, bima nayo mwende mkaibadilishe, haimfuati yenyewe. Na kama SACCOS wameshikilia kadi kama dhamana, waulize kama wanataka waandikwe kwenye bima kama wenye deni, maana wakiandikwa malipo ya wizi yanaanza kwao, linafutwa deni kwanza, kinachobaki ndo chako. Sio mbaya, ila ujue mapema usije ukapanga kununua nyingine na 2,080,000 nzima.

Kuhusu thamani ya kuandika, usidanganye upande wowote. Ukiandika milioni 2 ili asilimia 6 ishuke, utaokoa kama 85,000 pamoja na VAT, ila wakikuta pikipiki ilikuwa na thamani ya milioni 3 watasema ulijikinga theluthi mbili tu, na hasara yoyote, hata ndogo, watakulipa theluthi mbili yake kabla ya eksesi. Ukiandika milioni 4 unalipia hewa, watalipa bei ya soko tu. Pikipiki ikiwa mpya weka bei ya risiti.

Sasa la kijana kupotea nayo, maana sijalimaliza. Hapo kuna njia tatu na hazitegemei bima ya kawaida. Njia ya kwanza ni traka, ile inayofungwa kwa kujificha chini ya siti au ndani ya taa, unaona kwenye simu iko wapi, nyingine unaweza kuzima injini kwa mbali. Ina gharama ya kununua na ada ndogo ya laini, lakini inakinga yote mawili, kijana kukimbia na majambazi kupora. Kuna kampuni hazikubali kabisa kuweka bima kubwa kwa boda bila traka, na nyingine wanapunguza bei ukiwa nayo, kwa hiyo fanya nego kwa kuanzia hapo. Njia ya pili ni wadhamini wawili wa kijana wenye makazi yanayojulikana, makubaliano yaandikwe mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na picha ya kitambulisho chake cha NIDA. Njia ya tatu ni kumuuliza agenti kwa maandishi: "Je, dereva niliyemkabidhi akiondoka na pikipiki, mnalipa?" Hata wasap inatosha, mradi jibu liwe la kampuni yenyewe na sio la kwake. Akijibu ndiyo, aonyeshe kifungu. Mara nyingi atakaa kimya, na utakuwa umejua.

Na stika nayo uihakiki. Ukishalipa, ingia kwenye TIRAMIS, mfumo wa TIRA, ile mamlaka inayosimamia bima Tanzania, uingize namba ya pikipiki au ya stika, uone kampuni gani, aina ya bima, tarehe ya kuanza na kuisha. Angalia na aina, sio tarehe tu. Kuna watu wamelipa hela ya kubwa, kwenye mfumo inasoma thadi pati, tofauti imelala mfukoni kwa mtu. Lipa kwa namba ya malipo ya kampuni, sio kwenye simu ya agenti. Na siku ukigombana na kampuni juu ya kleimu, kabla ya kukimbilia wakili kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, ofisi yake ipo kwa ajili ya watu kama wewe.

Ningekuwa mimi, kwa boda moja, mkopo miezi 18, kijana mgeni: ningefunga traka kabla ya kitu kingine chochote. Alafu ningemrudia agenti na maswali matatu, eksesi ya wizi ni asilimia ngapi, matumizi yameandikwaje, na dereva asiye na jina kwenye fomu akiendesha inakuwaje. Eksesi ya wizi ikiwa 20 au chini, na matumizi yakaandikwa biashara, nachukua kubwa kwa mwaka huu mmoja. Ikiwa eksesi ni 30 na kuendelea, hiyo hela ya mfano wetu inashuka mpaka 1,820,000 na kuporwa wakati una traka kumeshapungua, hapo nakubaliana na mume wako, nachukua ndogo, 167,560 inayobaki inaenda kwenye traka na akiba ya matengenezo.

Mwaka wa pili usirudie bila kupiga hesabu upya. Boxer itakuwa imeshuka labda milioni 2.2, deni la SACCOS limebaki la miezi sita, na kijana ameshalipa zaidi ya nusu ya mkataba kwa hiyo nae ana uchungu nayo, hana sababu ya kukimbia na kitu kinachokaribia kuwa chake. Kampuni nyingi zina kiwango cha chini cha malipo ya bima kubwa, kwa hiyo bei inaweza isishuke sawa na thamani, unajikuta unalipa karibu ile ile kwa kitu kilichopungua milioni nzima. Hapo kwa wengi ndo wakati wa kurudi bima ndogo, na umwambie agenti mapema kabla ya tarehe ya kuisha, wengine wana kawaida ya kukatia tena ile ile alafu wanakupigia simu uje ulipe.